Masahihisho ya Shairi: "Msimbazi Ukijaa"

Kazi ya Kidato cha Tatu, utunzi wa tarbia, mizani 16

1
Wingu jeusi lakaa, jua tena halicheki,
Mama ndoo anatwaa, godoro haliinuki,
Maji kitini yakaa, hodi wala hayabishi,
Msimbazi ukijaa, Jangwani hakupitiki.

2
Mwendokasi imelala, abiria hatushuki,
Mtoto hajapata kula, jiko nalo haliwaki,
Ewe Mola wetu Mola, utunusuru na dhiki,
Msimbazi ukijaa, Jangwani hakupitiki.

3
Taka tunazozitupa, ndizo mtoni hubaki,
Mifuko pamwe na chupa, mtaro hausafiki,
Tutunze usafi hapa, usafi ni yetu haki,
Msimbazi ukijaa, Jangwani hakupitiki.

Mwanangu, nimelisoma shairi lako kwa sauti, kisha nikalihesabu. Nilipofika kwenye maji yaliyokaa kitini nilisimama. Mafuriko ya Jangwani tunayasikia kila masika, lakini wewe umeyaonyesha kama mgeni asiye na adabu, ameingia na kujiketisha. Godoro pia ni zuri: neno "haliinuki" linatuambia limelowa bila wewe kusema limelowa. Hapo ndipo ushairi wako ulipo, na ndiyo sababu nitakuwa mkali kwingineko.

Mizani: 4/5. Mishororo kumi na mmoja imetimia. Umehesabu vizuri hata penye irabu mbili, ha-li-i-nu-ki, mahali ambapo wengi darasani hukosea. Kosa liko ubeti wa 2, mshororo wa pili: m-to-to ha-ja-pa-ta ku-la ni mizani tisa, maana "m" ya mtoto husimama peke yake kama silabi. Weka "mwana" mahali pa "mtoto". Mwa-na ni mizani mbili, kipande kinarudi nane na maana haipotei.

Vina: 4/5. Umechagua ukara: kina cha mwisho ni -ki shairi zima, kina cha kati kinabadilika ubeti kwa ubeti. Ni sawa kabisa, na kituo kuendelea na -a chake katikati si kosa, kwa kuwa ni kibwagizo. Ila "hayabishi" imevunja mlolongo, -shi haiwezi kukaa na -ki. Nimeumia kidogo kukata alama hapa kwa sababu wazo ni zuri. Usilitupe. Jaribu "kubisha hayakumbuki": mizani nane, kina kimepatikana, na maji yanazidi kuwa mtu. Ukipata lako lililo bora kuliko langu, tumia lako. Jambo jingine, ambalo sijalikatia alama: "lakaa" na "yakaa" ni kitenzi kimoja kilichotumika mara mbili katika ubeti mmoja. Kina kimepatikana, lakini kwa bei rahisi mno. Mawingu yanaweza kufanya mengi zaidi ya kukaa.

Dhamira: 3/5. Inaeleweka: mafuriko yanatutesa, na taka zetu zina mkono humo. Tatizo ni kwamba ubeti wa 3 umeacha kuona ukaanza kuhubiri. "Tutunze usafi hapa, usafi ni yetu haki" ni maneno ya bango la ukutani. Tena yanapunguza ukweli wenyewe, kwa sababu Msimbazi hauanzii Jangwani. Unashuka kutoka vilima vya upande wa Pugu, unapita Vingunguti na kwingine, hadi unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Chupa inayoziba mtaro kwenu huenda ilitupwa na mtu ambaye nyumba yake haijawahi kuingia maji. Hebu ifuate chupa hiyo moja kwa ubeti mzima. Msomaji atajua mwenyewe la kufanya, hutahitaji kumwambia atunze.

Upya wa lugha: 4/5. Jua lisilocheka na mwendokasi iliyolala vimenifurahisha. Mwendokasi ni neno la mtaani kwetu, na limeingia kwenye bahari ya kimapokeo bila kujikwaa. Alama niliyokata ni ya "Ewe Mola wetu Mola". Dua si kosa katika shairi, wazee wetu wameimba dua karne nyingi, lakini hapa jina limerudiwa ili kujaza mizani nane. Omba kitu kimoja mahususi: omba mvua ingoje mama aokoe unga, kwa mfano. "Pamwe" ni neno la ushairi na limekaa vizuri. "Tunazozitupa" ina -zi- ya ziada. Hiyo ni mazida, naikubali.

Jumla: 15/20.

Andika upya ubeti wa 3 wote, rekebisha mishororo mitatu niliyoitaja katika beti za 1 na 2, kituo usikiguse. Niletee Ijumaa kabla ya kipindi cha kwanza. Ukikamilisha, utalighani mbele ya darasa, kwa hiyo anza kutafuta mahadhi yake sasa.