Kipande cha Kanga

Gari halikuzima kwa kishindo. Lilichoka. Mbwana alilisikia likichoka tangu chini ya mwinuko, kabla abiria hata mmoja hajainua kichwa. Akakanyaga mafuta, mshale ukashuka badala ya kupanda. Akarudisha gia ya tatu, injini ikachangamka kidogo kama mgonjwa aliyenyweshwa uji, kisha ikaanza kukatakata, ikanyamaza. Akaliacha lijivute hadi nje ya mstari, akafunga breki.

"Mara ya pili hii," mtu akasema nyuma.

Mbwana alikuwa anahesabu pia. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya kutoka mizani ya Vigwaza, kwenye kimlima. Lilikufa vilevile, wakakaa dakika kumi, alipopiga stata likawaka kwa mkupuo mmoja. Abiria walipiga makofi. Yeye hakupiga. Sasa Chalinze iko nyuma, Bwawani bado mbele, na Iringa ni mbali kuliko alivyopenda kufikiria.

Hamisi, utingo wake, alikwisharuka chini, anavunja matawi ya kutandaza barabarani nyuma ya gari, pembetatu ameshaisimamisha. Kijana mwepesi, mwezi wa nne tu kwenye kazi. Mbwana alimwita kwa sauti ambayo dirisha lote la kushoto lilisikia.

"Asubuhi Kimara tumejaza lita ngapi?"

"Mia mbili, mzee. Risiti si unayo wewe?"

"Risiti ninayo. Dizeli iko wapi? Usiku gari limelala Mbezi na wewe ndani yake."

Kijana alifungua mdomo, akaufunga. Mama mmoja wa kiti cha tatu, mwenye ndoo ya dagaa miguuni, akaguna.

Mbwana akang'oa kijiti kirefu, akafungua kofia ya tangi, akakichovya. Kililowa zaidi ya nusu. Akakitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akakitupa porini bila kusema kitu. Mafuta yapo. Na kofia ilipofunguka haikuvuta hewa, haikulia *fyuu*, kwa hiyo tangi linapumua. Mambo mawili yameondoka.

"Piga stata," alimwambia konda, mwenyewe akaenda nyuma kutazama ekzosi. Injini ikazunguka, ikazunguka, betri nzuri tu. Moshi hakuna. Si mweusi, si mweupe, hata wa kudanganya. Injini ya dizeli inayopata mafuta ikakataa kuwaka huwa inatema moshi mweupe, kwa sababu mafuta yananyunyizwa yasiungue. Hii haikutema kitu. Nozeli zina kiu.

"Itakuwa umeme, dereva," alisema mzee mmoja aliyekuwa ameshuka kujinyoosha. Kila basi linalokufa njiani huwa na mzee wa umeme. "Mwanangu ana Fuso, ilizima hivihivi."

"Ingekuwa umeme, baba, ingekatika kama taa. Hii imekufa polepole, tena mlimani. Kwenye tambarare ilikuwa inakula themanini yake vizuri."

Hapo ndipo alipokuwa amekwama kichwani tangu Vigwaza. Tambarare inakwenda, mlima inakufa. Injini ikivuta mzigo inataka mafuta mengi, njia ikiwa nyembamba hayatoshi. Sawa. Ndiyo tabia ya filta chafu. Lakini filta amebadilisha wiki iliyopita kwa mkono wake, na filta chafu haipumziki dakika kumi ikawa safi. Hilo ndilo lililokataa kukaa.

Akafungua buneti, akashika pampu ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu kubwa. Akailegeza, akasukuma. Ikaingia. Haikurudi. Akangoja. Ikapanda taratibu, kwa kinyongo, kama mtu anayevuta maji ya dafu kwa mrija uliokunjika. Akalegeza skrubu ya kutolea upepo pale juu ya filta: yakatoka matone, lakini matone safi, bila povu. Njia ingekuwa inavuta hewa mahali, mpira umepasuka au klipu imelegea, pangetoka povu na pampu ingekuwa laini kama godoro. Hii ni nzito. Si hewa. Kuna kitu kimeziba, na kiko kabla ya pampu, upande wa tangi.

"Hamisi. Spana kumi na saba."

Wakafungua mpira wa kuvutia pale unapoingia kwenye sedimenta. Mbwana akapangusa mdomo wa mpira, akauweka kinywani, akapuliza. Mashavu yakajaa, kichwa kikapata joto, halafu *gluk*, ukafunguka, na tangini yakasikika mapovu yakipanda. Akatema dizeli mara tatu. Ladha yake haizoeleki, hata kwa mtu wa miaka ishirini barabarani.

"Imezibuka!" konda akashangilia.

"Imesogea," Mbwana akasema. "Haijatoka."

Maana sasa ilikaa. Kuna kitu kinaogelea mle ndani. Injini ikivuta kwa nguvu, kitu kinanyonywa, kinaganda kwenye mdomo wa bomba. Injini ikizima, mvuto unakwisha, kinaachia na kuelea zake. Dakika kumi za Vigwaza zilikuwa hizo. Si uchafu basi. Uchafu ungeingia kwenye sedimenta. Ni kitu kipana, chepesi, laini.

"Mzee," Hamisi alisema. Alikuwa ameshika spana kwa mikono miwili. "Jana usiku nilipofunga ile kofia mpya ya Gerezani, sikukuta kitambaa. Nikajua umekitoa wewe."

Mbwana hakujibu. Kofia ya zamani ilianguka Jumamosi. Siku mbili mdomo wa tangi ulizibwa kwa kitambaa, na aliyekisokomeza ni yeye, kwa kidole gumba, ndani kabisa, wezi wasikichomoe. Chujio la mdomoni lilishatolewa zamani ili mafuta yaingie haraka kituoni. Nalo alilitoa yeye.

Wakatafuta waya. Konda akatoa ule wa kufungia mizigo, Hamisi akaukunja ncha ndoano. Mbwana akamulika kwa simu, mkono mrefu mbali na mdomo wa tangi, huku kijana akivua. Ilichukua muda. Mama wa dagaa alishuka, akasimama pembeni kama anayesubiri kuona samaki gani atatoka.

Kilichotoka kilikuwa kipande cha kanga, cheusi kwa dizeli, lakini pindo lilikuwa bado linasomeka: …PENDA HA…

Mbwana alikikamua. Wakafunga mpira, akasukuma pampu ya mkono hadi ikawa ngumu na kurudi kwa nguvu, mafuta yakafurika kwenye skrubu, akaikaza. Stata moja. Moshi mweupe, kisha mngurumo.

Abiria walipokaa, alisimama mlangoni, hakwenda kwenye usukani.

"Yule kijana sijamkuta na kosa," alisema. "Mafuta yapo yote. Kitambaa kilikuwa changu, nimekidumbukiza mimi. Nilimsema mbele yenu, ndiyo maana nasema mbele yenu."

Hamisi aliangalia viatu vyake.

"Tumesikia, baba," alisema mama wa dagaa. "Sasa hiyo kanga jina lake nani? *Ukipenda, hakuna mlima*?"

"*Ukipenda hasara, kaa na miye*," akadakia mwingine kutoka nyuma, gari zima likacheka.

Mbwana aliingia kwenye usukani, akaweka gia ya pili. Kanga aliijua vizuri, na mwenyewe yuko Mbagala bado anaitafuta. Walipanda ule mwinuko bila kukohoa, huku nyuma yake wakiendelea kubahatisha.