Shoka la Nahodha

Baraka alimaliza kunakili ubeti ubaoni, akapangusa chaki kwenye suruali.

Nahodha kashika shoka, kamba zote kazikata,
Magunia yadondoka, bahari yayafumbata,
Wenye mali wanafoka, nahodha wamkamata,
Chombo pwani kikafika, mzigo hatukupata.

"Swali la kwanza, dhamira. Alama nne."

"Rahisi," Neema akadakia. "Nahodha ni kiongozi, magunia ni mali ya umma. Kaifuja. Twende la pili."

"Kaifuja wapi?" Salimu akauliza. "Huyo kaokoa watu. Bahari ikichafuka unatosa mzigo ili chombo kielee. Babu yangu alitosa chumvi ya watu karibu na Mafia, wakamshtaki haohao aliowafikisha Kilwa wazima."

"Nionyeshe hiyo bahari iliyochafuka!" Neema aliinuka, akaupiga ubao kwa kiganja. "Mstari upi? Kuna upepo hapo? Kuna wimbi? Wewe unamsoma babu yako, shairi hujalisoma."

Wenzao wakacheka. Salimu akafunga daftari.

"Kipande kina mizani 8. Mshairi hawezi kutia kila kitu."

"Wanaofoka mbona wamepata nafasi?"

"Wanafoka kwa sababu wako hai! 'Hatukupata', nani anasema? Maiti?"

"Anasema aliyebaki nchi kavu akisubiri mzigo wake." Sauti ya Neema ilishuka kidogo. "Mama yangu alipakia dagaa Ukerewe kwenda Mwanza. Mwenye mtumbwi akaja mikono mitupu: dhoruba, mama, tumetosa yote. Mama akampa pole, na nauli akalipa. Wiki iliyofuata akayakuta magunia yake sokoni, na alama zake za rangi nyekundu, yanauzwa."

Kikundi kizima kikanyamaza, isipokuwa Baraka aliyeuliza kama waruke hadi swali la vina. Hakujibiwa.

"Huyo mtu alikuja amelowa?" Salimu akauliza.

"Mkavu. Hata viatu."

"Basi huyo mwizi." Salimu akalifungua tena daftari. "Lakini mwizi hafanyi haraka. Anafungua fundo moja moja, kamba aitumie kesho. Huyu wetu kashika shoka. Kamba za chombo ni ghali, Neema, hakuna nahodha anayezikata ovyo. Dhoruba unayoitafuta imo kwenye shoka."

Neema aliutazama mstari wa kwanza kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayehesabu mizani.

"Shoka laweza pia kuwa ubabe," akasema.

"Laweza. Tetea."

"Nipe chaki." Akampokonya Baraka. "Dhamira andikeni hiyo ya shoka, ina ushahidi. Ila swali la nafsineni nalijibu mimi, na anayesema hapo ni mtu wa nchi kavu. Mkibisha tutakesha."

"Nabisha," Salimu akasema, akisogeza kiti chake mbele.