Yah: Kulinganisha salio za leja na majibu ya benki, mwaka ulioishia 31 Desemba 2024

Kwa: Meneja wa Ukaguzi
Kutoka: Mkaguzi Mwandamizi, Mwanza
Tarehe: 11 Februari 2025
Mteja: Muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, Mwanza (matawi Geita na Bukoba)

Meneja,

Kazi ya benki imekamilika isipokuwa jambo moja la Bukoba, ambalo naomba ulisome hata kama hutasoma mengine.

Kwanza, majibu yenyewe yalivyofika. Barua ya maombi tuliituma sisi wenyewe, ikiwa na idhini ya saini mbili za mteja, na anwani ya kujibia ni ya ofisi yetu. Tarehe 22 Januari keshia wa mteja alituletea bahasha iliyokwisha kufunguliwa. Ndani kulikuwa na karatasi moja, na chini yake imeandikwa "Ukurasa 1 wa 2". Sikuipokea kama ushahidi. ISA 505 inatutaka tushike hatamu za barua hizi kuanzia zinapotoka mpaka zinaporudi, na hii ilikuwa imepita mikono mingine njiani. Niliwasiliana na benki kwa namba ya simu niliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye karatasi, nikaomba jibu liletwe moja kwa moja. Lilifika 29 Januari, limefungwa kwa muhuri, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unafanana neno kwa neno na ule wa keshia. Ukurasa wa pili una mambo mawili ambayo mteja hakututajia: akaunti ya Bukoba na dhamana ya benki. Simtuhumu mtu. Keshia anasema alipewa ukurasa mmoja tu kaunta. Naandika kilichotokea ili kibaki kwenye faili.

Salio zikiwekwa bega kwa bega ni hivi (shilingi, isipokuwa palipotajwa dola):

| Akaunti | Leja | Benki | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Hundi, inayoishia 4417 | 86,412,210.00 | 91,268,610.00 | 4,856,400.00 |
| Makusanyo | 12,730,900.00 | 12,730,900.00 | 0 |
| Dola | 18,204.55 | 18,204.55 | 0 |
| Amana ya muda maalumu | 150,000,000.00 | 153,945,205.48 | 3,945,205.48 |
| Mkopo | 210,000,000.00 | 212,496,986.30 | 2,496,986.30 |
| Bukoba | haimo | 1,118,400.00 | 1,118,400.00 |

Makusanyo hayana neno. Akaunti ya dola inakubaliana kwa dola, ila leja bado imeibadilisha kuwa shilingi kwa kiwango cha Novemba. Marekebisho hayo yako kwenye karatasi ya fedha za kigeni, nisiyahesabu mara mbili.

Akaunti ya hundi

Usuluhisho wa mteja ulikuwa na mistari mitatu: hundi zisizowasilishwa 13,055,000, fedha zilizo njiani 9,640,000, na "mengineyo" 1,441,400. Juu yake kuna saini ya mhasibu na ya meneja wa fedha. Nilipomuuliza mhasibu "mengineyo" ni nini, alijibu kwamba ni kiasi kidogo kinachorekebishwa Januari. Niliomba taarifa ya benki ya Desemba nzima na ya Januari mpaka tarehe 15, nikapiga tiki mstari kwa mstari dhidi ya daftari la fedha. Ndani ya hiyo 1,441,400 kulikuwa na vitu vinne vinavyomezana:

Malipo ya mkandarasi wa Geita, 3,500,000, yaliyoingia kwa TISS 30 Desemba. Leja imeyaandika 3 Januari. Hundi ya mteja mwingine, 1,500,000, iliyorudishwa na benki 24 Desemba kwa fedha kutotosha. Haikuandikwa kabisa kwa sababu, kwa maneno ya mhasibu, "alikuwa ameahidi kuleta keshi". Ni kweli alileta, lakini 9 Januari, kwa hiyo siku ya kufunga hesabu alikuwa bado mdaiwa. Makato ya benki ya Desemba, 426,000 pamoja na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, jumla 468,600. Na mwisho bima ya magari: ankara na benki zote zinasema 2,540,000, daftari linasema 2,450,000. Tofauti 90,000 inagawanyika kwa 9, na tofauti ya namna hiyo kwa kawaida ni tarakimu zilizopishana. Nilianzia hapo, nikaipata kabla chai haijapoa.

Tatu na nusu milioni iliingia, milioni mbili na ushei ikatoka, na kilichobaki kikaonekana kidogo kiasi cha kusainiwa. Ingekuwa kitu kimoja cha milioni tatu na nusu, naamini meneja wa fedha angeuliza.

Hundi zisizowasilishwa ni tatu. Namba 002318 ya 27 Desemba, 6,850,000 kwa msafirishaji, ililipwa na benki 3 Januari. Namba 002321 ya 30 Desemba, 4,275,000 kodi ya ghala, ililipwa 6 Januari. Hizo ni za kawaida. Ya tatu, namba 002207, 1,930,000, iliandikwa 14 Mei 2024 kwa muuza dizeli wa Geita. Imepita miezi sita, benki haitailipa tena. Nilimpigia muuzaji: anasema hundi ilipotea na hajawahi kupewa nyingine, na taarifa yake ya deni inaonyesha kiasi hicho bado anadai. Kwa hiyo si hundi iliyo njiani. Ni deni, na linarudi kwa wadai.

Fedha zilizo njiani 9,640,000 zimethibitika. Ripoti ya Z ya mashine ya EFD ya 30 Desemba ni 4,215,000 na ya 31 Desemba ni 5,425,000, hati ya kuweka fedha ina muhuri wa 2 Januari, na benki imeonyesha siku hiyohiyo. Mauzo ya tarehe 30 yangeweza kupelekwa benki tarehe 31. Kwamba yalilala dukani siku tatu nimeliweka kwenye barua ya udhaifu wa udhibiti.

Usuluhisho wetu:

| | Shilingi |
|---|---|
| Salio kwa mujibu wa benki | 91,268,610 |
| Toa: hundi 002318 na 002321 | (11,125,000) |
| Ongeza: fedha zilizo njiani | 9,640,000 |
| Salio sahihi | 89,783,610 |
| Salio kwa mujibu wa leja | 86,412,210 |
| Ongeza: hundi 002207 iliyopitwa na wakati | 1,930,000 |
| Ongeza: malipo ya mkandarasi | 3,500,000 |
| Toa: hundi iliyorudishwa | (1,500,000) |
| Toa: makato na ushuru | (468,600) |
| Toa: kosa la bima | (90,000) |
| Salio sahihi | 89,783,610 |

Hakuna senti iliyobaki bila maelezo.

Amana na dhamana

Tofauti ya 3,945,205.48 ni riba iliyolimbikizwa: 150,000,000 kwa asilimia 8, siku 120 tangu 2 Septemba 2024, kwa mwaka wa siku 365. Nimeikokotoa upya, inakubaliana mpaka senti. Iandikwe nzima kama mapato yanayodaiwa. Kodi ya zuio ya asilimia 10 itakatwa riba itakapolipwa.

Lakini riba ndiyo sehemu nyepesi. Amana hii iliwekwa kwa miezi 12, inaiva 2 Septemba 2025, na mteja ameiingiza kwenye fedha taslimu na zinazolingana nazo. Ilivuka miezi mitatu tangu siku ilipowekwa, kwa hiyo haistahili kukaa hapo. Ihamishiwe uwekezaji wa muda mfupi, na taarifa ya mtiririko wa fedha ichorwe upya. Zaidi ya hayo, ukurasa wa pili wa benki unasema amana yote imezuiwa kuwa rehani ya dhamana ya 120,000,000 iliyotolewa kwa msambazaji wa saruji. Rasimu ya mahesabu haina neno hata moja juu ya hili. Deni la msambazaji huyo kwenye leja ni 97,600,000, liko ndani ya dhamana, na uthibitisho wake wa deni tunao. Kwa hiyo hakuna deni jipya la kuandika, ila msomaji wa mahesabu lazima aambiwe kwamba zile milioni 150 kampuni haiwezi kuzigusa.

Mkopo

Tofauti ni riba ya Desemba: 210,000,000 kwa asilimia 14, siku 31. Benki iliikata 6 Januari na mteja akaiandika Januari. Ni gharama ya 2024.

Bukoba

Akaunti ilifunguliwa 2019 kwa jina la kampuni. Waweka saini ni mkurugenzi mmoja na aliyekuwa meneja wa tawi, aliyeondoka 2022. Haimo kwenye leja, wala kwenye orodha ya akaunti tuliyopewa na kusainiwa na uongozi. Mkurugenzi anasema alidhani ilikwisha fungwa.

Salio ni dogo, na ningeweza kupendekeza liingizwe tu tuendelee. Sipendekezi hivyo. Benki imetupa taarifa ya tangu kufunguliwa: kati ya 2020 na Machi 2022 ziliwekwa jumla ya 14,300,000, nyingi zikiwa keshi, na zikatolewa kwa saini ya meneja wa tawi peke yake, ingawa hati ya saini inataka mbili. Tangu hapo ni makato ya benki tu. Kiasi hicho kiko chini ya kiwango chetu cha umuhimu cha 18,000,000, na ni cha miaka iliyopita. Lakini swali si ukubwa. Kama zilikuwa fedha za mauzo, je, mauzo hayo yaliandikwa? Na kama akaunti moja ilikaa nje ya leja miaka mitano, orodha tuliyosainiwa ina thamani gani?

Nimeomba vitabu vya stakabadhi vya tawi la Bukoba vya 2020 hadi 2022. Vimepatikana vitatu kati ya vitano. Nitasafiri kwa meli Alhamisi usiku, nilinganishe kila fedha iliyowekwa na stakabadhi na ripoti za Z. Pia nimeandaa barua za uthibitisho kwa benki nyingine tatu zenye matawi Bukoba na Geita, tuulize kama kampuni ina akaunti huko. Mteja bado hajasaini idhini.

Marekebisho tunayopendekeza

1. Debiti benki 1,930,000, krediti wadai.
2. Debiti benki 3,500,000, krediti wadaiwa.
3. Debiti wadaiwa 1,500,000, krediti benki.
4. Debiti makato ya benki 468,600, krediti benki.
5. Debiti bima 90,000, krediti benki. Bima iliisha 31 Desemba, yote ni gharama ya mwaka.
6. Debiti riba inayodaiwa 3,945,205.48, krediti mapato ya riba.
7. Debiti gharama ya riba 2,496,986.30, krediti riba ya kulipa.
8. Hamisha amana 150,000,000 kutoka fedha taslimu kwenda uwekezaji wa muda mfupi.

Faida kabla ya kodi itapanda kwa 889,619.18. Meneja wa fedha amekubali saba za mwanzo. Ya nane anaipinga, kwa hoja kwamba benki inayomkopesha hupima uwezo wake kwa fedha taslimu zilizo kwenye mizania. Nimemjibu kwamba benki hiyohiyo ndiyo iliyoizuia amana. Anataka kuzungumza na wewe moja kwa moja, na nimemwambia utakuwa ofisini Jumatatu.

Akaunti ya Bukoba sijaipendekezea ingizo. Naomba usisaini karatasi hii ya benki mpaka nirudi.