Penalti Gizani

Jumamosi ya tarehe 3 Juni 2023, kibanda umiza cha Mzee Massawe kilichopo Pasua, Moshi, kilikuwa kimejaa tangu magharibi, ingawa mechi yenyewe ilikuwa ya usiku. Yanga walikuwa Algiers wakirudiana na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, baada ya kufungwa 2-1 kwa Mkapa, na kila aliyelipa shilingi 500 mlangoni alijua kwamba ushindi wa 1-0 usingetosha, kwa kuwa wapinzani walikuwa na mabao mawili ya ugenini.

Mimi na Salimu tulibanana benchi moja na Elibariki, dereva wa bodaboda, ambaye ni Simba damu lakini tangu shuleni hajawahi kutuacha tutazame fainali peke yetu.

Djuma Shabani alipofunga kwa penalti dakika ya 7, mabenchi mawili yalipinduka. Kipindi cha pili mwamuzi akawapa wenyeji penalti yao. Mpigaji akautenga mpira, Diarra akasimama katikati ya goli, na umeme ukakatika.

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia hata msibani. Kisha mzee mmoja aliyekaa ukutani akapaza sauti ya redio yake ya betri, na watu wote wakanyamaza kana kwamba wameamriwa, mpaka mtangazaji alipopiga ukelele kwamba Diarra ameokoa. Nilikumbatiwa na mtu ambaye hadi leo simjui.

Jenereta lilikuwepo, ila halikuwa na petroli. Mzee Massawe alikuwa akiomba radhi kwa sauti ya kutetemeka, huku baadhi wakidai warudishiwe fedha zao, Elibariki alipotoka nje bila kusema neno, akainama kando ya pikipiki yake na kuchomoa mpira wa tangi.

"Eli, ndugu yangu, kesho asubuhi una abiria wa kanisani," Salimu akamwambia.

"Shika tochi vizuri, isije ikamwagika."

Picha ilirudi dakika zikiwa zimebaki chache, nazo tulizitazama tukiwa tumesimama, mikono kichwani, tukisubiri bao la pili ambalo halikuja. Yanga walishinda 1-0 na kombe likabaki Algiers. Salimu alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka, kwa maana ilikuwa fainali ya kwanza ya Afrika kwa timu aliyorithi kwa baba yake.

Tuliisukuma pikipiki sote watatu hadi kituo cha mafuta, tukichanga njiani fedha za kujaza tangi. Elibariki ndiye aliyekuwa na uchungu wa maneno zaidi.

"Mayele amesawazisha kwa Mkapa, halafu dakika mbili baadaye mnamwachia Merili afunge! Mlikuwa mnakaba nini?"

"Sukuma, Eli," Salimu akajibu. "Mwakani tunarudi."