YAH: KUKAMILIKA KWA UJENZI WA GHALA LA VIAZI, UYOLE, MBEYA

14 Juni 2024

Ndugu Mkandarasi,

Baada ya ukaguzi wa pamoja wa 12 Juni 2024, nathibitisha kuwa ghala limekamilika kwa kiwango cha kuanza kutumika. Kipindi cha matazamio ni siku 365, kuanzia tarehe hiyo hadi 11 Juni 2025. Kasoro yoyote ya kazi au vifaa itakayojitokeza ndani yake mtairekebisha kwa gharama zenu.

Yaliyobaki yakamilike ifikapo 3 Julai: mlango wa chumba cha pili unakwaruza sakafu, na michoro ya jengo lilivyojengwa haijaletwa. Zaidi ya yote, gata la nyuma. Tulipomwaga ndoo moja tu, maji yalipenya kwenye kiungo na kutiririka ukutani. Mvua za Uyole mnazijua. Viazi vikilowa vinaoza, na hasara ni ya mkulima.

Fedha za zuio ni Sh. 9,200,000. Nusu, Sh. 4,600,000, naidhinisha ilipwe sasa. Nusu ya pili italipwa matazamio yakiisha, baada ya ukaguzi wa mwisho na hati ya kurekebishwa kwa kasoro.

Mafundi wenu wamefanya kazi nzuri, hasa sakafu.

Wenu katika kazi,
Mhandisi Msimamizi,
kwa niaba ya Mwajiri