Barua ya mdhamini: nimeirekebisha, isome kabla haijatoka

Mdogo wangu, habari za asubuhi.

Nimeisoma rasimu uliyoniletea jana jioni, ya yule mama mdhamini anayeuza nafaka soko la Mawenzi. Hesabu nimezilinganisha na leja, ziko sawa. Ila barua isiende ilivyo.

Umeandika: "Unajulishwa kuwa akiba zako zitakatwa kufidia deni la mwanachama uliyemdhamini. Zingatia kuwa ulisaini mwenyewe." Kamati ya mikopo haijakaa. Mpaka ikae, hakuna aliyeamua kumkata, na sisi wa ofisini hatuna mamlaka ya kumwambia kwamba limeshaamuliwa. Sentensi ya pili nimeifuta kabisa. Anajua alisaini. Huyu hajakopa hata shilingi. Alimsimamia mwenzake, na bila watu kama yeye chama hakikopeshi mtu.

Tena hukumtajia kiasi. Mwenye akiba ya 2,300,000 akisomewa "akiba zako zitakatwa" ataelewa kwamba zinakwenda zote. Kesho yake utamkuta dirishani anaomba kujitoa uanachama, na nusu ya wauza nafaka nyuma yake.

Na ile habari ya ugonjwa wa mkopaji, itoe. Mdhamini ana haki ya kujua hali ya mkopo alioudhamini. Afya ya mtu ni siri yake, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo si suala la adabu tu.

Itoke hivi:

Morogoro, 6 Oktoba 2025

Ndugu Mdhamini, Mwanachama Na. 0417

YAH: MKOPO ULIOUDHAMINI, MWANACHAMA NA. 0288

Tunakuandikia kuhusu mkopo wa shilingi 4,800,000 uliotolewa tarehe 11 Novemba 2024 kwa miezi 24, ambao wewe na wanachama wengine wawili mliudhamini.

Mkopaji alilipa marejesho sita, hadi Mei 2025. Tangu Juni hajalipa. Tumempigia simu, tumemwandikia mara mbili, na Afisa Mikopo amefika nyumbani kwake. Hatujapata malipo wala makubaliano.

Deni la msingi lililobaki ni shilingi 3,600,000, na riba ni shilingi 96,000. Kwa masharti ya chama, akiba ya mkopaji mwenyewe, shilingi 1,650,000, ndiyo inayotangulia kukatwa. Zitabaki shilingi 2,046,000. Zikigawanywa kwa wadhamini watatu, sehemu yako ni shilingi 682,000. Hiki ndicho kiasi kinachoweza kukatwa kwenye akiba yako. Hakizidi kiwango cha shilingi 1,000,000 ulichodhamini kwenye fomu. Hisa zako haziguswi.

Hadi leo hakuna kilichokatwa. Kamati ya Mikopo itakaa Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 2025, saa 4 asubuhi, na ndiyo itakayoamua. Una nafasi ya kufika na kusikilizwa, au kuleta maelezo yako kwa maandishi kabla ya siku hiyo.

Mkopaji akianza kulipa, au mkifika naye tukaandikiana mpango mpya wa marejesho, Kamati itauzingatia kabla ya kugusa akiba ya mdhamini yeyote. Kama ungependa kulipa sehemu yako kidogo kidogo badala ya kukatwa kwa mkupuo, tueleze unachoweza kwa mwezi. Na endapo utakatwa, chama kitakupa hati ya kiasi ulichomlipia mkopaji, ili uweze kumdai.

Fomu uliyosaini na taarifa ya mkopo zipo ofisini. Njoo uzione siku yoyote ya kazi, saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ukiona kosa kwenye hesabu hii, tuambie kabla ya kikao.

Tunajua hii si habari njema kwako. Tumeona ni haki uisikie kwetu mapema, pamoja na hesabu yake.

Wako katika ushirika,
Meneja

Mpigie simu kwanza, umwambie kuna barua na inahusu nini, kisha umpelekee mkononi ikiwa kwenye bahasha. Mwache aisome hadi mwisho. Akiwa na wateja, msubiri. Usianze kumweleza mbele ya watu. Kwenye kundi la simu la wanachama isionekane hata picha yake. Asaini nakala kwamba ameipokea tu, si kwamba amekubali kukatwa. Mfafanulie hilo kabla hajashika kalamu.

Barua ya mdhamini wa pili iandike kwa mfano huu huu. Ya wa tatu usiiguse kwanza. Nimeona akiba yake ni 540,000, haifiki sehemu yake, wakati siku anasaini fomu alikuwa na zaidi ya milioni moja. Akiba inayodhamini mkopo ulio hai hairuhusiwi kutolewa. Niletee jalada lake na hati za malipo za mwaka huu leo kabla ya saa 8 mchana. Lazima tujue nani aliidhinisha.