Waraka wa Ndani kwa Jopo la Usaili: Ratiba ya Kuajiri Maafisa Mikopo Wawili, Tanga, Alhamisi 14 Mei 2026

Kwa: Meneja (Mwenyekiti wa Jopo), Mhasibu Mkuu, Mjumbe wa Kamati ya Mikopo
Nakala: Karani wa Mapokezi
Kutoka: Afisa Utumishi (Katibu wa Jopo)

Waheshimiwa, wasailiwa sita waliomo katika orodha fupi wamethibitisha kwa simu kuwa watafika. Naomba kila mmoja wenu ausome waraka huu kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa muda wa mmoja ukivuka mpaka, anayelipa ni yule aliyeketi nje akisubiri.

Usaili utafanyika katika ukumbi wa mikutano wa ofisi yetu ya Chumbageni. Saa zote zilizoandikwa hapa ni za Kiswahili. Katika usaili uliopita barua zetu ziliandika "8:00" bila neno jingine, na msailiwa mmoja akafika saa nane mchana, amevaa vizuri na hana kosa lolote. Safari hii kila msailiwa ameandikiwa kwa maneno: "saa mbili na dakika tano asubuhi", na kuendelea hivyo.

| Msailiwa | Anakotoka | Kuripoti mapokezi | Kuingia kwa jopo | Kutoka | Mwisho wa kuweka alama |
|---|---|---|---|---|---|
| Wa 1 | Makorora | 2:05 asubuhi | 2:45 | 3:20 | 3:30 |
| Wa 2 | Raskazoni | 2:50 asubuhi | 3:30 | 4:05 | 4:15 |
| Wa 3 | Muheza | 4:10 asubuhi | 4:50 | 5:25 | 5:35 |
| Wa 4 | Pangani | 4:55 asubuhi | 5:35 | 6:10 | 6:20 |
| Wa 5 | Korogwe | 7:00 mchana | 7:40 | 8:15 | 8:25 |
| Wa 6 | Lushoto | 7:45 mchana | 8:25 | 9:00 | 9:10 |

Jopo litakutana saa 2:00 hadi 2:40 asubuhi kugawana maswali na kukubaliana jibu zuri lina sura gani. Akiba ya kwanza ya muda ni saa 4:15 hadi 4:30, ikifuatiwa na chai hadi 4:50. Akiba ya pili ni saa 6:20 hadi 6:40, kisha chakula na swala ya Adhuhuri hadi 7:40. Akiba ya tatu ni saa 9:10 hadi 9:35, kisha mapumziko na swala ya Alasiri hadi 9:55, na majadiliano ya mwisho hadi 10:45 jioni.

Wakazi wa mjini wametangulizwa ili wanaotoka mbali wasilazimike kulala Tanga kwa gharama zao. Anayetoka Lushoto anatakiwa kushuka milimani, apite Korogwe na Muheza, kisha atafute usafiri kutoka stendi ya Kange, na mwezi wa Mei mvua za masika bado huweza kumchelewesha njiani. Kumwita mtu huyo saa mbili asubuhi kungekuwa ni kumpima usingizi badala ya uwezo.

Dakika arobaini kati ya kuripoti na kuingia zina kazi yake. Kumi za kwanza ni za Karani kukagua vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA. Ishirini zinazofuata ni za zoezi la maandishi katika chumba kidogo cha nyuma, ambamo msailiwa anasoma ombi la mkopo la mwenye duka la rejareja Ngamiani na kueleza kama angelipitisha. Awali zoezi lilihusu mkulima wa machungwa, nikaliondoa, kwa sababu msailiwa wa Muheza angekuwa anajibu jambo aliloliona tangu utotoni. Kumi za mwisho ni za kupumua. Kwa mpangilio huu hakuna wakati ambapo wawili watakuwa katika chumba cha zoezi pamoja. Wanaomaliza watatokea mlango wa uani, na zoezi la mchana lina tarakimu tofauti na la asubuhi ingawa ugumu ni uleule, kwa kuwa simu ya aliyetoka saa tatu inaweza kumfikia wa saa saba kabla hajashuka garini.

Mpangilio huo pia unambeba anayechelewa. Msailiwa akichelewa kwa dakika zisizozidi ishirini, Karani atampeleka moja kwa moja kwenye zoezi, vyeti vitakaguliwa baada ya usaili, na jopo halitahisi chochote. Akichelewa zaidi ya hapo, atapewa nafasi ya saa 9:10. Nafasi hiyo ni moja tu, nayo itakwenda kwa wa kwanza kuihitaji. Wa pili atapangiwa asubuhi ya siku inayofuata.

Sasa niseme kuhusu jopo lenyewe, ambalo ndilo huchelewesha mambo zaidi kuliko mabasi. Kila usaili ni dakika thelathini na tano. Ikifika dakika ya thelathini nitaweka kadi ya njano mezani, na baada ya hapo pasiulizwe swali jipya ila msailiwa apewe nafasi ya kuuliza lake. Usaili ukivuka muda wake, dakika zilizozidi zitatolewa kwenye akiba inayofuata. Akiba ikiisha, chai inaweza kupunguzwa hadi dakika kumi. Dakika kumi za kuweka alama hazitaguswa kwa sababu yoyote. Kila mjumbe atajaza fomu yake kimya, bila kujadiliana, na kunikabidhi kabla msailiwa mwingine hajaingia, maana alama zinazoachwa hadi jioni huwa ni kumbukumbu za msailiwa wa mwisho. Fomu ni za karatasi, hivyo umeme ukikatika kazi itaendelea. Muda wa chakula na swala pia hautapunguzwa.

Iwapo itafika saa 6:00 na msailiwa wa nne bado hajaingia, tusimsukume kuelekea chakula. Nitatoka mimi mwenyewe kumweleza kuwa ataingia saa 9:10, naye atapewa chakula pamoja nasi ingawa katika chumba kingine. Ikiwa nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa, ataamua mwenyewe kati ya kusubiri hadi 9:55 na kurudi kesho yake, na nauli ya kurudi itakuwa juu ya ofisi. Kila nafasi ya ziada inayotumika itasogeza mbele mapumziko na swala ya Alasiri pamoja na majadiliano, kwa hiyo naomba pasiwe na mjumbe aliyepanga kikao kingine kabla ya saa 12:00 jioni.

Nafahamu kuwa Kamati ya Mikopo ilipendekeza waitwe wanane. Nimekataa kwa kuwa wawili hao wangekula akiba zote tatu, na jopo lililochoka humpa kila mtu alama za katikati.

Msailiwa wa tatu ananyonyesha na ameomba mahali pa kukaa na mtoto pamoja na msaidizi wake. Ofisi yangu itakuwa wazi kwa ajili yao. Jambo hilo lisiulizwe wala kutajwa ndani ya ukumbi, kama yasivyoulizwa ya ndoa, mimba wala dini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi, na kinga hiyo inamhusu hata mwombaji wa kazi.

Mji wetu ni mdogo. Mjumbe mwenye undugu au deni na msailiwa yeyote aniarifu kabla ya Jumatano saa 6:00 mchana, ili nimwombe Mwenyekiti ateue mbadala wa usaili huo pekee.

Majina na nakala za maombi zimo katika bahasha zilizofungwa, na kila mjumbe atachukua yake kwangu kwa kusaini.

Afisa Utumishi